Miezi Ishirini na Saba ya Dada Yangu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari, dada yangu mkubwa aliingia ofisini kwangu Embu akiegemea mkongojo wake. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kunisalimu, akaweka juu ya meza kadi ndogo yenye picha yake. Najua saa kwa sababu nina daftari la wateja, na kila anayeingia humwandika kabla sijamsikiliza. Nilimwandika na yeye.

Kazi yangu ni fomu. Nina chumba kimoja nyuma ya mahakama, kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala. Watu huniletea fomu za kodi, za pasipoti, za mirathi, za karo. Sikupita kidato cha nne. Nilichonacho nimekipata kwa kusoma maelezo madogo yaliyochapishwa nyuma ya fomu, yale ambayo watu husaini bila kuyatazama. Kwa miaka ishirini nimejitahidi kuamini kwamba ukisoma maelezo yote hutapata hasara. Dada yangu alikuwa anakuja kunipima.

Kadi ile ilikuwa ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Aliipata miaka minane nyuma, yeye na binti yake, na akawa anafanya kazi huko ya kutunza wazee katika makao yao maalumu. Wakala wa tiketi mjini, aliyekuwa ameshapokea amana, alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo akamwambia hawezi kumkatia safari. Kadi yenyewe bado ilikuwa na miaka miwili kabla ya kuisha, lakini muhuri wa pasipoti ulionyesha kwamba alitoka Marekani Januari ya mwaka juzi. Mtu akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja, kadi hiyo pekee haimrudishi. Shirika la ndege lingemzuia kwenye kaunta.

"Niambie ni uongo," dada alisema. "Kadi imeandikwa tarehe. Tarehe haijafika."

Nilimwambia aniachie siku tatu nisome. Akaniuliza kama Kiingereza cha Wamarekani kinahitaji siku tatu. Nikamwambia sheria zao zinahitaji.

Kilichokuwa hatarini nilikijua bila kusoma. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amebaki huko kwenye nyumba waliyopanga pamoja, anasoma chuo mchana na kufanya kazi ya duka jioni ili kodi ya nyumba isisimame. Mwezi wa Mei angehitimu. Mume wa dada alikufa zamani. Kama kadi ingekwenda, dada angepoteza kazi yake na angekuwa hana njia ya kuishi na mtoto wake, na mtoto angehitimu mbele ya viti vya watu wengine.

Nilisoma siku tatu kama nilivyoahidi. Nitaeleza nilichokipata, kwa sababu hapa kwetu nimesikia watu wengi wakilieleza jambo hili vibaya, na wengine wakilieleza kwa pesa.

Wengi husema, "Gusa Marekani kila baada ya miezi sita, uko salama." Si kweli. Miezi sita na mwaka ni alama tu. Ukipita miezi sita afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuuliza maswali kama mtu anayeomba kuingia upya. Ukipita mwaka bila kibali cha kurejea, kadi haikusafirishi. Lakini hata mtu anayekwenda na kurudi kila mara anaweza kuhesabiwa kwamba ameacha ukaazi, ikiwa maisha yake yako kwingine na Marekani anaitembelea tu. Kinachopimwa ni nia, na nia haipimwi kwa maneno ya mwenyewe. Inapimwa kwa mambo anayoyafanya: alitoka kwa sababu gani, sababu hiyo ilikuwa na mwisho unaoonekana au la, familia yake iko wapi, kazi iko wapi, nyumba iko wapi, alilipa kodi ya serikali kama nani.

Kile kibali cha kurejea, ambacho kingempa hadi miaka miwili, huombwa ukiwa bado ndani ya Marekani. Dada hakukiomba. Nani anaomba kibali cha miaka miwili kwa likizo ya miezi mitatu?

Maana alikuja kwa miezi mitatu. Mama yetu alipatwa na kiharusi kijijini kwetu Kibugu, upande wa kulia ukafa, na dada ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kumgeuza, kumlisha na kumsafisha. Alikuwa na barua ya likizo kutoka kwa mwajiri na tiketi ya kwenda na kurudi. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa tisa. Alibadilisha tarehe ya tiketi, arudi Desemba, kabla mwaka haujaisha. Mwezi wa Novemba akashuka Embu kununua dawa za mama, na bodaboda ikamgonga mbele ya soko. Mfupa wa paja ulivunjika sehemu mbili. Hospitalini wakatia chuma. Kidonda kikaoza, wakafungua tena mwezi wa Aprili. Akiwa bado anatembelea magongo, mwezi wa Agosti, mama akafariki. Mwezi wa Septemba daktari akaandika kwamba anaweza kusafiri.

Kutoka Septemba hadi ile Jumanne ya Februari ni miezi mitano. Hiyo miezi mitano iandikwe pembeni, maana nitairudia, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Njia ya halali iliyokuwepo ilikuwa moja. Mtu aliyekwama nje kwa sababu zisizo zake huomba ubalozini viza ya mkaazi anayerejea. Anatakiwa kuthibitisha mambo matatu. La kwanza, kwamba alipotoka alikuwa mkaazi halali. La pili, kwamba alitoka akiwa na nia ya kurudi na hajaiacha. La tatu, kwamba safari ilikuwa ya muda, na kama ilirefuka, ilirefushwa na mambo yaliyomshinda nguvu. Akikubaliwa, anaanza kulipia viza yenyewe na kupimwa afya. Akikataliwa, ada ya maombi hairudi, na itambidi aombewe upya na jamaa aliye raia, kama mtu ambaye hajawahi kukaa huko.

Binamu yetu mmoja, mwenye bucha Meru mjini, alikuwa na njia yake. Alimpigia dada simu akamwambia apande ndege kupitia nchi nyingine ambako hawahesabu mihuri, akifika Marekani aseme alikuwa mgonjwa. Nililisoma hilo pia. Ukifika pale afisa anaweza kukuwekea fomu ya kusaini kwamba unauacha ukaazi wako kwa hiari. Halazimishwi mtu kuisaini, na asiyeisaini anaweza kudai afikishwe mbele ya jaji wa uhamiaji. Nilimuuliza dada kama ana pesa za wakili na moyo wa kusimama mbele ya jaji kwa mguu ule. Akasema moyo anao, pesa hana. Binamu alipopiga tena aliniambia mimi ni mwoga wa karatasi. Nilimwambia karatasi ndizo zitakazoulizwa, bucha yake haitaulizwa.

Basi nikafungua faili. Nilinunua la rangi ya buluu, lenye vigawanyo vitatu, kimoja kwa kila jambo la kuthibitisha. Kigawanyo cha kwanza kilijaa siku moja: nakala ya kadi, pasipoti, muhuri. Cha tatu kilichukua wiki mbili za kupanda na kushuka kwenye ofisi ya kumbukumbu za hospitali, kwa sababu faili la dada lilikuwa limewekwa chini ya jina la mama, na karani alitaka mama mwenyewe aje kulitambua. Nilimweleza kwamba mama amezikwa. Akasema basi nilete cheti cha kifo. Nikaleta. Akasema sasa faili ni la marehemu, haliwezi kutolewa nakala bila barua. Nilikaa kwenye benchi lile asubuhi nne. Siku ya tano alikuwepo karani mwingine, akanipa nakala zote kwa dakika kumi.

Kigawanyo cha pili ndicho kilichokuwa moyo wa jambo, nacho kilikuwa mikononi mwa binti. Nilimpigia, nikamsomea orodha. Mkataba wa nyumba wenye majina yao mawili. Taarifa za benki zinazoonyesha akaunti ya mama yake haijafungwa na kwamba kodi ya nyumba ilitoka humo hadi akiba ilipoisha. Leseni ya udereva. Barua ya kanisa lao la kule. Barua ya mwajiri. Na ritani za kodi, zile fomu za kila mwaka za kuitangazia serikali mapato.

"Mjomba," aliniuliza, "unataka na picha ya viatu vyake? Viko hapa mlangoni. Sijavisogeza."

Nilimwambia viatu aviache. Baadaye nilijuta. Kama ningekuwa mimi ndiye afisa, viatu vingenigusa kuliko taarifa za benki.

Barua ya mwajiri ilikuja nzuri kwa nusu. Walithibitisha likizo, wakasema nafasi yake waliishikilia mwaka mmoja kisha wakaijaza, lakini wangefurahi kumwajiri tena. Ritani ndizo zilizonipa homa. Ya mwaka wa kabla ya kusafiri ilikuwepo. Miaka miwili iliyofuata hakujaza kitu, kwa kuwa hakuwa na mshahara. Binti akaenda kwa mtu wa kujaza kodi, na mtu yule, kwa wema wake, akapendekeza ajaze fomu ya mtu asiyekuwa mkaazi, kwa sababu ni fupi. Nilimpigia binti saa ile ile nikamwambia amtoe kalamu mkononi. Kwenye fomu ile mtu anasema kwa mkono wake mwenyewe kwamba si mkaazi, na hakuna ushahidi mbaya kuliko huo. Zilijazwa za mkaazi, zote mbili, na ndani yake tukaandika hata kodi ya vyumba vyake viwili vya kupangisha hapa Embu na malipo ya majani ya chai ya shamba la mama, maana mkaazi wao hutangaza mapato ya dunia nzima. Dada alilalamika kwamba nawaambia Wamarekani habari za chai ya mama. Nilimwambia sasa ndiyo anaongea kama mkaazi wao, analalamikia kodi.

Hapo ndipo watu wa nyumbani walipoanza kusaidia.

Habari zilifika Kibugu kwamba dada anakwenda ubalozini na anahitaji ushahidi. Hapa kwetu, tangu nikiwa mtoto, ushahidi una maana moja. Ukitaka kitambulisho, ukitaka basari, ukitaka mkopo, ukitaka kumzika mtu, unathibitisha kwamba wewe ni wa hapa, unajulikana, una boma, una shamba, mwenendo wako ni mwema. Kwa hiyo kila mtu alileta ushahidi wa aina hiyo. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilileta picha ya dada akiwa mweka hazina, ameshika kisanduku chenye kufuli tatu. Karani wa kituo cha kununulia chai alituma risiti za kilo za majani ambazo dada alipeleka tangu namba ya mama ya mkulima kiwandani ihamishiwe kwake. Mzee wa kanisa alileta barua ya shukrani kwa mchango wa dada wa mabati. Walileta wakiwa na furaha, wakiwa wamezitia kwenye bahasha za plastiki zisilowe.

Nilijaribu kueleza. Nilisema wale hawaulizi kama dada ni mtu mwema. Wanauliza kama maisha yake yako kule. Kila karatasi ya hapa inayomsifu inamvuta mguu. Mwenyekiti wa akina mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza dada, mimi nikiwa pale, "Huyu ndugu yako ana shida gani na sisi?"

Jumamosi moja nilipanda Kibugu kuchukua tiketi ya zamani, iliyokuwa kwenye sanduku la mama. Nilimkuta chifu ameketi sebuleni kwa mama anakula mukimo, na barua imelala kando ya sahani. Ilikuwa kwenye karatasi rasmi, imepigwa muhuri mara mbili. Nilivaa miwani nikasoma. Ilisema kwamba mwenye barua anajulikana naye vizuri, ni mkaazi wa kata yake, kwamba baada ya miaka mingi ughaibuni amerudi na kutulia katika shamba la wazazi wake, analima chai na kuwaongoza akina mama katika maendeleo, na kwamba ofisi yoyote impe msaada atakaouhitaji.

"Chifu," nilisema, "hii inasema amerudi akatulia."

"Sasa mwalimu," alisema, ingawa sijawahi kufundisha, "ulitaka niandike ametoroka?"

"Nataka uandike kwamba alikuja kumuuguza mama, akavunjika mguu, na anangoja kurudi kazini kwake."

"Hayo daktari ataandika. Mimi naandika ninachokijua. Namwona hapa kila siku. Akienda kwenye dirisha la wazungu bila barua ya chifu, watamuuliza, wewe ni wa wapi, hakuna anayekujua? Atasema nini?"

Nilimshukuru, kwa sababu chifu hushukuriwa, nikaiweka barua mfukoni. Nyumbani niliitia kwenye droo pamoja na picha za kisanduku na risiti za chai. Jioni dada alinipigia akauliza kama barua imo kwenye faili. Nikasema haimo wala haitaingia. Akasema sawa.

Sasa niseme juu ya miezi mitano.

Daktari alipomruhusu kusafiri Septemba, dada alitaka kwenda mara moja. Mimi ndiye niliyemzuia. Tulikuwa tumeanza mirathi ya mama. Barua ya chifu ya kuwataja warithi ilikuwa imetoka, na nilitaka watoto wote wawili wawepo hadi tangazo la serikali litoke na siku za pingamizi zipite, tusije tukaitwa mahakamani na mmoja yuko ng'ambo. Pia kulikuwa na namba ya chai. Kama isingehamishwa kabla ya bonasi ya mwaka ya kiwanda, pesa zingelala. Nikamwambia, kaa kidogo, maliza mambo ya mama, kadi yako bado ina miaka. Angeweza kusaini fomu ya ridhaa na hati ya uwakilishi siku moja asubuhi, na jioni akapanda basi la Nairobi. Fomu hizo mbili ninazo kwenye rafu, nazipiga chapa kila wiki kwa ajili ya watu wengine. Nilikuwa nimesoma maelezo ya nyuma ya fomu za hapa, sikuwa nimesoma ya kadi yake. Sikuuliza.

Nilipoandaa maelezo yake ya kurasa mbili kwa ubalozi, niliyaandika hayo kama yalivyokuwa: kifo, mirathi, wajibu wa mtoto wa kwanza. Sikuandika uongo wowote. Lakini kila nilipoyasoma niliona pale kwenye ukurasa wa pili shimo la miezi mitano, limefunikwa kwa majani.

Mahojiano yalipangwa siku ya Jumatano mwezi wa Aprili. Ulikuwa mwezi wa ishirini na saba. Tulilala Nairobi kwa shemeji, ndugu wa marehemu mume wa dada, tukafika ubalozini mapema. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilimkabidhi faili kwenye foleni, nikamkumbusha mambo mawili. Ajibu swali aliloulizwa, asiongeze. Na akiulizwa anaishi wapi, ataje nyumba yao ya Marekani, aeleze kwamba hapa yuko kwa muda.

"Karani," aliniambia, jina aliloniita tangu tukiwa wadogo akitaka kunichokoza, "nimeshaelewa. Nenda ukanywe chai."

Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muda wa saa tatu na nusu. Aliyosema yeye na aliyoambiwa ameyasimulia mara nyingi, na hayajabadilika, kwa hiyo nayaandika nikiyaamini.

Alilipa ada, dola mia moja na themanini, akangoja, akaitwa dirishani. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alipitia hospitali yote, karatasi kwa karatasi, akampa pole kwa mguu na kwa mama. Alizitazama ritani akasema ni vizuri kwamba zimejazwa za mkaazi, ila zilijazwa juzi tu. Aliuliza habari za binti, na dada akaeleza. Hadi hapo, dada anasema, alihisi kama mlango uko wazi. Kisha afisa akaweka kidole kwenye barua ya daktari ya Septemba.

"Tangu siku hii, nini kilikuzuia?"

Dada akasema walikuwa wakimalizia mambo ya mama.

"Kuna kitu kilichokuzuia kuondoka?"

Akasema hakuna aliyemzuia, ila kulikuwa na kazi.

"Nani anaishi kwenye nyumba ya mama yako sasa?"

"Mimi."

"Na chai?"

"Mimi ndiye naiangalia."

Afisa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejaza fomu, "Unaishi wapi?"

Dada anasema alikumbuka nilivyomwambia. Anasema nyumba ya Marekani ilikuwa mdomoni. Lakini mama yake alikuwa amezikwa miezi minane tu, nyuma ya jiko, na kusema mbele ya mtu kwamba hapo ni mahali pa kupita kulimshinda. Akasema, "Kibugu." Kisha, ili asionekane mtu asiye na mashahidi, akatoa kwenye mkoba wake barua ya chifu na kuipitisha chini ya kioo.

Alikuwa ameenda kwa chifu wiki ya mwisho kabla ya mahojiano na kuomba nyingine. Chifu aliipiga muhuri mara tatu.

Afisa aliisoma yote, akairudia mara ya pili. Halafu alieleza taratibu. Alisema kuumwa na kumuuguza mama anakubali vilimrefushia safari. Hakubali kwamba miezi iliyofuata ilikuwa nje ya uwezo wake, na anaona kutoka kwa majibu yake na karatasi zake kwamba makao yake sasa yako Kenya. Akampa karatasi ya kukataa, akamwambia ada hairudishwi, na kwamba binti akiwa raia anaweza kumwombea mama yake upya.

Nilimwona akitoka, faili langu la buluu chini ya kwapa, anatembea polepole bila mkongojo, kwa kuwa aliusahau kwa walinzi. Nilirudi kuuchukua. Tulipanda gari la kurudi, likafika Makutano na kukata kulia kuelekea Embu. Hapo ndipo aliponieleza habari ya barua, na mimi nikapandwa na hasira.

Nilimwambia nimekaa wiki tisa napanga karatasi kuonyesha mwanamke ambaye maisha yake yako kule, naye amekwenda kuongeza karatasi moja inayosema hayuko. Nilimuuliza alifikiri faili ni la nini.

"Nilisoma faili lako," alisema. "Lote. Nilisoma usiku kwa shemeji. Huyo mtu wa humo ndani hana kwao. Ana benki, ana leseni, ana chumba. Mama ametajwa kama ugonjwa. Mimi nimetajwa kama mguu."

"Ndivyo wanavyouliza."

"Najua. Wewe umefanya kazi nzuri. Lakini nisingeweza kusimama pale niwe huyo mtu, halafu nirudi nipite mbele ya kaburi."

Nilimwambia binti yake naye ana kwao, na ni kule. Nililisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Dada aligeuza uso dirishani. Alikuwa analia, bila sauti, na nikakumbuka kwamba ile miezi mitano aliyoulizwa nilikuwa nimempa mimi. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia tulipokaribia Embu, baada ya kufanya hesabu ya tarehe kichwani mara mbili kana kwamba zingebadilika. Alisema alijua tangu siku ya kwanza kwamba deni lilikuwa langu, ndiyo maana alikuja kwangu badala ya kwenda kwa wakili.

Jioni hiyo alimpigia binti. Nilikuwa jikoni, nikasikia upande mmoja tu. Hakumlaumu chifu wala mimi. Alimwambia aombe uraia wake sasa hivi, asingoje kama yeye alivyongoja. Yeye mwenyewe angeweza kuuomba zamani, ila alisikia kwamba ukila kiapo cha kule shamba la huku linakutoka, na hakuuliza mtu anayejua. Halafu akamwambia avisogeze vile viatu, vitamkwaza.

Binti alihitimu mwezi wa Mei. Alituma picha. Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja wa kanisa lao, amevaa kofia. Dada aliitazama, akasema kofia ni nzuri, akaenda kuchuma chai kwa sababu ilikuwa siku ya gari la kiwanda.

Ombi la uraia la binti limepelekwa. Likipita atamwombea mama yake, na nimemwambia dada kwamba huenda ikachukua miaka miwili au mitatu, kama hakuna kitu kitakachokwama. Kila siku ya mahakama huja mtu akiniuliza kama kweli ukigusa Marekani kila miezi sita uko salama. Namwambia akae, namwandika kwenye daftari, namuuliza kwanza: unalala wapi, na unajiona wa wapi. Wengi hukasirika. Wanasema walikuja kuuliza habari za tarehe.

Nimefunga faili la buluu na kupiga hesabu yake, kama ninavyofanya kwa kila faili. Ada ya ubalozi, shilingi elfu kumi na nane mia tano na arobaini kwa bei ya dola ya siku ile. Nusu ya tiketi ya zamani iliyoishia sandukuni, elfu sitini na moja. Karatasi kutoka Marekani kwa kampuni ya vifurushi, elfu saba na mia mbili. Nakala za hospitali, elfu tatu na mia tano. Nauli za Nairobi, watu wawili, elfu tisa na mia sita. Amana ya tiketi mpya ambayo wakala hakuirudisha, elfu kumi na nne na mia tano. Jumla iliyopotea ni shilingi laki moja, elfu kumi na nne, mia tatu na arobaini.